Mlio Uliodhani ni wa Mwanao

Mae,

Ndugu yangu Rwegoshora amekufa. Naanza na hilo kwa sababu nikilizungusha nitashindwa kulisema, nawe hukupenda mtu anayezunguka nyumba nzima badala ya kuingia mlangoni. Mwanao amekufa. Alikwisha kufa zamani, kabla ya gwaride lile la Bukoba, kabla hujawasukuma askari kwa kikapu chako, kabla hujaniambia mimi ni mjinga. Ulipokuwa unamtilia chakula chake pembeni kila jioni, tayari alikuwa ardhini Burma. Sasa nimelisema. Ngoja nipumzike kidogo.

Utanisamehe, mama yangu, kwa kukuandikia Kiswahili. Najua ungeniuliza kama Kihaya kimeniota miba mdomoni. Lakini shuleni walinifundisha kuandika hivi, na habari yenyewe nimepewa kwa Kiswahili na mtu wa Tabora, na nikiigeuza katika maneno yetu ya nyumbani inakuwa nzito mno. Kwa Kiswahili naweza kuishika kwa ncha za vidole.

Nyumbani Muleba hawajambo kadiri ya watu waliofiwa. Tata, mumeo, amehamishia kitanda chake upande wako wa nyumba, anasema kule kwake kunavuja. Hakuvuji, nimepanda juu nikaangalia. Migomba iliyo karibu na zizi imezaa vizuri kwa sababu hakuna wa kuwafokea wanaomwaga samadi hovyo. Senene wamekuja mwaka huu wengi, watoto wamekesha wakiwakamata, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekwenda kuchagua wale wa kijani na kuwaficha. Nilikula kidogo nikashindwa. Mume wangu amerudi Bakoba, mtaani kwetu mjini Bukoba, kwenye cherehani yake, mimi nimebaki na Tata mpaka mwezi uishe.

Na Kemilembe ameondoka. Mkamwana wako, mke wa Rwegoshora, yule uliyekuwa ukimwita "mke wangu" mbele za watu kana kwamba wewe ndiwe uliyemwoa. Nitakueleza alivyoondoka, usikasirike kwanza.

Nirudi nyuma. Unakumbuka ile likizo moja tu ya Rwegoshora, kabla hawajapandishwa meli? Alikuwa ametoroka kwenda kuandikishwa Keya, jeshi la Waingereza, bila ruhusa ya Tata, na Tata alikuwa ameapa hatakula naye. Tulikuwa tunamenya ndizi, wewe na mimi na Kemilembe, tukasikia mluzi kule chini njiani, unapanda kuja kwetu. Mluzi wa ajabu. Ulikuwa unaruka kutoka sauti ya chini hadi ya kati, unarudi, unaruka tena hadi juu kabisa, bila kupita katikati kama nyimbo za watu zinavyopita. Halafu mwishoni, sauti fupi nne, zote za kimo kimoja. Tok, tok, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi. Tulipotazama, kumbe ni yeye, amevaa kaki, miguu imefungwa vitambaa mpaka magotini, amekuwa mwembamba na mzuri.

Ukamuuliza, "Hizo ni kelele gani?" Naye kwa majivuno yake akakujibu, "Mae, huu ndio mlio wangu sasa. Ukiusikia, ujue ni mimi." Kisha akakufundisha. Siku zote alizokaa ulikuwa unauimba kwa mdomo ukiwa shambani, na hizo sauti nne za mwisho ulikuwa unazipiga kwa mpini wa jembe kwenye shina la mgomba. Tata alikula naye siku ya tatu. Ulicheka kweli siku ile.

Ninakulaumu? Nilikulaumu, ndiyo. Sasa sikulaumu tena. Wewe ulizaliwa karibu na jumba la Mukama, mtawala wetu, ukakua unajua kwamba mdundo wa ngoma ya Mukama ni wake peke yake, na atakayeuthubutu kwa kujifurahisha atauona mkono wake chini. Ulijua kila mwanamume ana majigambo yake anayoyasema akisimama mbele ya watu na mkuki, na hakuna anayemwibia mwenzake, hata ndugu wa tumbo moja. Mwanao akakwambia huu ni mlio wangu. Ungeelewaje vingine? Hata mimi niliyekwenda shule nilielewa hivyohivyo. Tungeambiwa na nani kwamba Wazungu wana mlio ambao ni wa watu mia nane kwa pamoja?

Vita vikaisha. Wa Kamachumu wakarudi, wa Kanyigo wakarudi, mmoja amerudi bila mkono, mwingine na redio. Wetu kimya. Tata alikwenda bomani akauliza habari za Rwegoshora, wakapekua, wakamwambia hakuna askari wa jina hilo, si kwa waliokufa wala kwa walio hai. Wewe ukaja juu: "Mnaona? Hayumo kwa waliokufa." Tata akanong'ona kwamba hayumo kwa walio hai pia. Ulimtazama mpaka akatoka nje.

Kisha likaja gwaride la sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme wa Uingereza. Nilikuleta mjini mwenyewe, kwa lori la kahawa, nikidhani utafurahi kuona watu. Tulisimama upande wa jua kwa sababu upande wa kivuli uliwekwa viti. Bendi ya polisi ilikuwa imetoka Mwanza kwa meli. Uliipenda ngoma kubwa na yule aliyevaa ngozi ya chui tumboni, ukaniuliza kama mkewe anamruhusu alale nayo. DC akapita na kofia yake yenye manyoya, saluti ikapigwa, polisi wakapita safu kwa safu. Ulikuwa umeanza kuchoka, unataka kwenda kuketi kwa mama mdogo kule Bilele.

Ndipo wakataka kuwaingiza uwanjani askari wa zamani wa vita, wale wazee wapya wenye medali na viatu vya kuazima. Bendi ikanyamaza. Mtu mmoja akatoka mbele, mrefu, mweusi sana, ana tarumbeta fupi ya shaba isiyo na vitufe. Akavuta pumzi akapiga.

Ulinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ulikuwa ule mlio. Sauti kwa sauti, kuruka kwa kuruka. Nami niliusikia, nisikudanganye. Baada yake akaunganisha mlio mwingine mrefu zaidi tusioujua, na wale wazee wakaanza kuingia na kujipanga. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kwenda. Ulipenya chini ya kamba, ukawasukuma askari wawili kwa kikapu, ukawa unaita, "Rwegoshora! Rwegoshora bojo, mwanangu!" Watu walicheka. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani iwameze wao. Walikurudisha kwa fimbo ya mkononi, hawakukupiga, nashukuru kwa hilo. Yule mpigaji hakugeuka. Mtu akiwa kwenye gwaride hageuki hata nyumba yake ikiungua.

Jioni ile tulikwenda bandarini tukakuta meli imekwisha ng'oa nanga na bendi imo ndani.

Na njia nzima ya kurudi ukanieleza. Yule si yeye, umeona uso wake, si yeye. Lakini amepiga mlio wake. Mtu hapigi mlio wa mwingine ila amepewa na mwenyewe. Kwa hiyo mwenyewe yuko, mahali fulani, na amemtuma yule kwa makusudi apige mbele ya watu wa Bukoba ili wewe usikie. Nikakwambia, "Mae, huenda ni wimbo wao tu." Ukaniambia mimi ni mjinga. Halafu ukasema jambo ambalo sikulitilia maanani, nalo ndilo lililotufikisha hapa: "Ila ameuacha mkia. Hakubisha hodi. Amechoka, au amekatazwa."

Masikio yako, Mae. Mimi sikuona kwamba mkia haupo. Katika kelele zote zile, wewe ulijua zimepungua sauti nne.

Toka siku hiyo hakuna aliyeweza kukwambia neno. Wazee wa ukoo walikuja, wakasema mtu asiyerudi huzikiwa shina la mgomba badala ya mwili wake, ili nyumba ipumue. Uliwafukuza na rubisi yao, pombe ya ndizi, ikiwa bado mtungini. Kemilembe aliomba kwa heshima, akiwa amepiga magoti, aruhusiwe kwenda kwao, ana umri bado. Ukamjibu kwamba mume wake amempigia tarumbeta mbele ya DC, je, anataka apigiwe na nani tena? Mwinjilisti akaja kukuunga mkono, eti subira huvuta heri. Yako ilivuta nini, Mae? Ilivuta homa ile. Siku zako za mwisho ulitaka mlango wa mbele uachwe wazi, na baridi yote ya ziwa ikaingia, na sisi sote tukakutii. Mpaka leo sijui kama ni ugonjwa uliokumaliza au ni ule mlango.

Sitaki kulia juu ya karatasi.

Tulikuzika. Baadaye nikasikia mjini kwamba bendi inarudi kwa ajili ya Jumapili ile ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Sikumwambia mtu. Nilivaa gauni jeusi, nikasimama mbele kabisa mapema, na yule mrefu alikuwepo. Safari hii sikuusikia mlio wetu. Alipiga mwingine, mrefu, wa polepole, unaopanda hatua kwa hatua na kusimama juu kana kwamba umesahau kilichofuata, halafu unashuka. Kisha watu wote wakanyamaza kitambo, hata wauza karanga. Kisha akapiga wa tatu, mwepesi, wa haraka. Watu wakavaa kofia zao, ikaisha.

Nilimfuata kwenye kambi ya polisi. Walikuwa wameketi kwenye majani wanasugua shaba kwa majivu na ndimu, yeye anamwaga mate kutoka kwenye tarumbeta. Anaitwa Koplo Hamisi, mtu wa Tabora. Nilimwamkia, nikamwambia ninatafuta mlio. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akaniuliza, "Mlio gani, dada? Iko mingi." Unajua kwetu mwanamke hapigi mluzi. Nikauimba kwa mdomo, "taa-ra-taa," mashavu yananiwaka, na ukatoka kombo kwa woga.

Akasema, "Hapo sijaelewa. Ngoja." Akanieleza kwanza, taratibu, kama mwalimu mzuri. Tarumbeta ile haina vitufe, ina sauti tano tu za kutumia, unazipata kwa kukaza na kulegeza midomo, ndiyo maana milio yake yote inaruka na yote inafanana kwa asiyejua. Askari anajifunza kuitofautisha kwa kupigwa faini. Kuna wa kuamka, wa chakula, wa kukusanyika, wa kuzima taa. Lakini katika kambi kubwa yenye batalioni tatu nne, mlio wa chakula ukilia, nani aende? Kwa hiyo kila batalioni ina mlio wake mfupi, unatangulia mbele kama jina la mtu kabla ya ujumbe. Unasikia jina lenu, ndipo mnatega sikio kwa amri. Lisipokuwa lenu mnaendelea kulala.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo si wa mtu mmoja?"

"Wa mtu mmoja?" akasema. "Hapana, dada. Ni wa wote."

Nilikaa chini kwenye majani, Mae. Nilikuwa nimekwenda hadi pale kwa ajili yako, kumtafuta aliyemtuma, na hakuna aliyemtuma mtu. Siku ya mfalme aliambiwa awaite askari wa zamani, naye akatanguliza jina la batalioni yake mwenyewe kwa sababu ndilo midomo yake ililolizoea, kisha akaunganisha ule wa kukusanyika. Basi. Hapakuwa na salamu yoyote kwa ajili yako.

Nikataka kuondoka. Ila yeye alikuwa amehisi kitu, akaniambia nisubiri, tuhakikishe. Akapiga mmoja, kwa sauti ndogo, mkono umeziba mdomo wa tarumbeta. "Huu?" Hapana. Akapiga mwingine. Ulianza vilevile, chini, kati, ukaruka. Halafu ukaenda juu mapema mno. Hapana. Akapiga wa tatu, na kabla hajamaliza nilikuwa nimekwisha kuinua mkono. Ndio huo.

"Huo ni wetu," akasema. "Ndugu yako alikuwa wetu."

Nikakumbuka neno lako. Nikamwambia, "Lakini wa kwake ulikuwa na mkia. Wewe hukuutia."

Aliteremsha tarumbeta. "Mkia gani?"

Sikuimba. Nilibisha kwa kidole kwenye ngoma iliyokuwa kando yangu. Tok, tok, tok, tok.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Wale wenzake waliokuwa wanacheka wakaacha kusugua. Akaniuliza kama nina hakika ni nne, si tatu, si mbili. Nikamwambia mama yangu alizipiga kwa mpini wa jembe siku zote za likizo, ninazijua kama ninavyojua idadi ya watoto wangu. Kisha akanieleza kwamba batalioni ina kompania nne, na unapotaka kuita moja tu, unapiga mlio wa batalioni, halafu unaongeza sauti moja kwa kompania ya kwanza, mbili kwa ya pili, tatu kwa ya tatu. Uwanjani Bukoba alikuwa anaita watu wote, ndiyo maana hakuongeza kitu.

"Ya nne," akasema. "Ndugu yako alikuwa kompania ya nne."

Jinsi alivyolisema nikajua. Tata huzungumza hivyo akitaja mwaka wa tauni ya ng'ombe.

Aliniuliza jina. Nikasema Rwegoshora, akatikisa kichwa. Nikasema jina lake la ubatizo ni Petro. Akanitazama usoni vizuri, akasema, "Tulikuwa na Petro Bukoba. Mrefu wa shingo, anajigamba kwa lugha yake kila akishika bunduki, sisi tunacheka, hatuelewi hata neno." Ndivyo alivyojiandikisha, Mae, Petro Bukoba, ili Tata asimfuatilie na kumrudisha. Akajificha vizuri mno. Ndiyo maana bomani hawakumpata.

Haya mengine nitayasema haraka. Kompania ya nne ilitangulizwa kuvuka mto, Burma, wakati wa mvua. Msituni hakuna tarumbeta, adui atasikia, tarumbeta ilibaki nyuma na mizigo na Koplo akabeba bunduki kama wengine. Walipigwa mizinga alfajiri kwenye matope. Waliowafuata waliwakuta. Petro alikuwa chini ya mti, amekaa, kibati chake cha jina shingoni, na Koplo mwenyewe alishika miguu yake walipomteremsha shimoni. Hakuteseka sana, alisema. Sijui kama hivyo ndivyo wanavyowaambia dada wote.

Walipovushwa kurudi kambini, ofisa akaamuru majina yaitwe. Koplo akachukua tarumbeta yake mizigoni, akapiga mlio wa batalioni na sauti nne. Hakuna aliyekuja. Ofisa akasema piga tena. Akapiga. Wakaja watu wachache, wawili wamebebwa. Ofisa akasema tena. Akaniambia, "Dada, ile mara ya tatu nilipiga kwa sababu ni amri tu." Toka hapo hajawahi kuzipiga sauti nne tena mahali popote. Na ule mlio wa kuwalaza wafu, ule mrefu niliousikia asubuhi, wanauita Lasti Posti, hakuwapigia. Walihamishwa kabla ya jua kuzama.

Akaomba ruhusa kwa mkubwa wake ili aje Muleba. Sikumwomba. Alikuja kwenye lori, ameketi juu ya magunia, tarumbeta imefungwa ndani ya shati.

Tata alimsikiliza mpaka mwisho bila kukohoa. Kisha akachukua panga akaenda kukata mgomba. Alikwenda mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akachagua mrefu ulionyooka. Tuliuvika rubugo, nguo ya gome la mti, ile mpya uliyoiweka kwa ajili ya arusi ya pili ya kanisani ya Rwegoshora. Ndiyo, nililifungua sanduku lako. Kemilembe aliufunga mwenyewe, kamba kwa kamba, kisha akaulalia juu, akalia kilio ambacho hukumruhusu miaka yote ile. Sikujua kwamba mtu mdogo kama yule ana sauti kubwa hivyo. Mwinjilisti alisimama mbali kidogo akitazama migomba mingine, maana mambo ya mgomba hayamo kitabuni mwake, lakini tulipomaliza alikuja akasali. Tumemweka kulia kwako.

Koplo Hamisi akasimama miguuni. Kwanza alipiga mlio wa batalioni, na akaongeza zile nne. Ya tatu ilipasuka kidogo. Kisha akapiga Lasti Posti yote, polepole, na ng'ombe wa jirani wakaacha kula. Kisha kimya. Alikuwa ameishusha tarumbeta pajani, anahesabu moyoni, ninavyoamini. Nikamwona anaipandisha tena mdomoni.

Nikamwuliza, "Huo unaofuata ndio ule mwepesi wa Jumapili ile? Unasema nini?"

Akasema, "Ni wa kuamsha. Askari akishalazwa, huamshwa. Ndiyo sheria, haikatwi katikati."

Mwinjilisti akafurahi, akasema unafaa sana, ni ufufuo huo. Tata alikuwa anatazama kaburi lako.

Mimi nilikataa, Mae. Nilimshika Koplo mkono mbele ya watu wote. Nikamwambia usiupige huo, tafadhali. Wewe, Mae, ulitembea uwanja mzima wa Bukoba kwa ajili ya mlio ambao haukukuita. Ukimsikia mtu anamwamsha mwanao pale pembeni yako, utainuka. Nakujua. Utainuka uje mlangoni, utazame njia, na njia haitakuwa na mtu. Nikamwambia mwache alale na mama yake alale, wa kuamsha tumwachie Mungu mwenye nao.

Alibaki ameishika vile, hana raha hata kidogo, kama mtu aliyekatazwa kumaliza kupiga chafya. Alisema hajawahi kuuacha maishani mwake. Kisha akaigeuza, akamwaga mate yake kwenye nyasi, akaifunga tena ndani ya shati. Tukarudi nyumbani. Usiku ule Tata alifunga mlango wa mbele, akatia komeo.

Kemilembe alikwenda kwao siku ya nne, na mkeka wake na sufuria moja. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilimpa kuku wako mweupe. Kama una neno juu ya hilo, niambie mimi.

Mae, nitawapalilia nyote wawili kwa mkono wangu, na kila mtu atakayetaka kupiga kelele mahali hapo atanikuta mimi kwanza. Nitakuja kila nitakapoweza kutoka Bakoba, na sitakuletea habari za uongo hata zikiwa tamu. Siku ile ya kweli, akipigiwa mwenyewe na anayestahili kumpigia, nitakuwa ubavuni mwako, nitakushika mkono, na tutamtazama akija. Mpaka hapo usiamke. Lala, Mae. Amelala naye.

Ni mimi bintiyo,
Kokuteta